Udi wa usiku wa kuamkia Ijumaa: kisa cha mjane aliyeuliza kama anaruhusiwa

Kisa hiki kimetokana na kazi yangu ya ushauri nasaha katika mji mmoja wa mwambao, mkoani Tanga. Mhusika ameridhia kiandikwe. Nimebadilisha kazi za watu, umri wa watoto na mambo mengine machache ili asitambulike. Nitamwita Bi. M.

Usuli

Bi. M. aliolewa akiwa na miaka 22 na kuishi na mumewe miaka 24. Mume alikuwa dereva wa malori. Alipata kiharusi akiwa safarini, akarudishwa nyumbani amepooza upande mmoja, na kwa miaka mitatu mkewe ndiye aliyemwogesha, akamgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo, akamlisha uji kwa kijiko. Alipofariki, Bi. M. alikuwa na miaka 46 na watoto watatu: kijana wa miaka 23 anayefanya kazi Dar es Salaam, binti wa 19, na mtoto wa kiume wa 12.

Hesabu hiyo ya miaka mitatu ni muhimu. Watu wote waliuhesabu ujane wake tangu siku ya mazishi. Kitandani alikuwa mjane muda mrefu kabla ya hapo.

Eda alikaa yote, miezi minne na siku kumi. Kwetu mwanamke aliye edani huitwa kizuka, neno ambalo pia ni jina la kitu cha kutisha kinachotokea usiku, na sidhani kama limetokea hivyo kwa bahati. Hakutia wanja wala hina, hakujifukiza, hakutoka ila kwa dharura. Siku ilipotimia alitoka edani, akarudi kwenye cherehani yake, ila akaendelea kuvaa na kukaa kama kizuka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hakuna pia aliyemwambia aache.

Alivyofika

Alikuja miezi 14 baada ya msiba. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemtuma, kwa sababu ya kukosa usingizi. Alieleza kwamba huamka saa nane za usiku moyo unamwenda mbio, joto limempanda kutoka kifuani hadi usoni, kanga imelowa jasho. Niliandika: huzuni ya msiba, wasiwasi. Msomaji aishike sentensi hiyo ya joto, maana nitairudia, na haitanipendeza.

Katika kikao cha tatu alitoa kilichomleta. Alianza kwa mbali, akisimulia fundi seremala aliyekuja kumtengenezea rafu dukani. Mtu wa miaka 54, ameachana na mkewe zamani, watoto wake wakubwa. Alipokuwa akipima ukuta alimwona anavyoinamia cherehani, akaenda zake. Kesho yake alirudi na vipande vinne vya mninga, akavitia chini ya miguu ya meza, meza ikapanda vidole vinne. Hakuombwa na hakudai pesa.

“Dada,” akaniambia, “miaka mitatu mimi ndiye nilikuwa naangalia mgongo wa mtu. Wangu hakuna aliyeuangalia.”

Halafu ndipo akasema habari ya udi. Alhamisi moja, usiku wa kuamkia Ijumaa, watoto wamelala, alitia makaa kwenye chetezo akafukiza chumba na nguo zake za ndani, kama alivyokuwa akifanya mumewe alipokuwa mzima. Alikaa kitandani peke yake robo saa. Kisha akashikwa na fedheha, akafungua madirisha yote na kupepea kwa kifuniko cha chungu ili mwanawe mdogo asiamke akanusa. Tangu siku hiyo alikuwa akiota marehemu amempa mgongo.

Swali lake lilikuwa moja: “Mimi naruhusiwa kweli?”

Swali lilivyogawanywa

Nilimrudishia: kuruhusiwa na nani? Alinyamaza kidogo, akataja Mungu. Akataja marehemu. Akataja watoto, na baada ya watoto, watu wa mume. Nilimwandikia majina hayo kwenye karatasi, moja moja, na tukakubaliana kwamba kila mmoja ataulizwa kwa mlango wake. Uamuzi huu ndio uliobeba kazi yote. Mjane anaposema “naruhusiwa?” kwa sauti moja, hofu ya dini, ya mirathi na ya macho ya jirani hushikana zikawa donge moja, na donge hilo halina wa kulijibu. Zikitenganishwa, baadhi hujibika jioni moja tu.

Nilishauri aanze kwa shehe. Yeye akachagua kuanza kwa somo yake, yule bibi aliyemfunda alipoolewa, sasa ana miaka sabini na ushee. Alikuwa sahihi kuliko mimi. Kwa shehe angeuliza habari ya ndoa, akaondoka na hukumu ya ndoa. Kwa somo aliweza kusema neno hamu. Bibi yule alimsikiliza huku anachambua mchele, akamwambia: “Mwari wangu, eda ina mwisho. Kama ingekuwa haina mwisho isingehesabiwa siku.” Akamuuliza mara ya mwisho kupaka singo ni lini. Akamwagiza aje Jumamosi.

Baadaye alikwenda kwa shehe pamoja na kaka yake. Jibu lilikuwa wazi: Sura ya Baqara, aya ya 234, inataja muda wa eda na kusema ukishatimia hakuna lawama kwa wanalolifanya wanawake wenyewe kwa wema. Lakini kilichomtua si aya, aya alikuwa akiijua. Ni habari ya Ummu Salama. Alipofiwa na mumewe, Abu Salama, na Mtume akamposa, alitoa nyudhuru zake: umri umekwenda, ana wivu, na ana watoto wa kulea. Bi. M. alinirudia akiwa anacheka. “Hata yeye alisema ana watoto!”

Kuhusu marehemu sikumpa jibu, na sikutafsiri ndoto. Nilimuuliza tu katika maisha yao mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Alizungumza saa nzima, na kwa mara ya kwanza alimzungumzia yule wa kabla ya kiharusi.

Watoto, na nyumba

Mpango ulikuwa kijana mkubwa aambiwe na mama yake mwenyewe, ana kwa ana, atakapokuja Idi. Haukufika. Wiki mbili kabla, shangazi yake, dada wa marehemu, alimpigia simu: mama yako ana mtu. Kijana akampigia mama yake usiku ule ule. Alisema fundi anataka nyumba ya baba. Alisema pia, “Mimi ndiye walii wako sasa, na siozeshi.”

Mambo mawili hapo yalihitaji majibu ya kitaalamu, na tuliyapata. La kwanza, uwalii. Mwambao tunafuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mtoto wa kiume si walii wa mama yake kwa sababu tu ya kuwa mwanawe. Walii ni baba, babu mzaa baba, kaka, na kuendelea upande huo wa baba. Baba wa Bi. M. na babu yake walishafariki, kwa hiyo aliyebaki ni kaka yake, yule yule aliyekwenda naye kwa shehe. Na mwanamke aliyekwisha kuolewa haozeshwi kwa kunyamaza, lazima aseme kwa mdomo wake. Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, mila isemeje. Kwa aliyeolewa Kiislamu inamtaka tu eda iishe kwanza. Shangazi, aliyekuwa na wazo kwamba kama ni lazima basi aolewe na shemeji “asitoke nje”, aliambiwa hilo na kaka wa Bi. M., kwa adabu.

La pili ni nyumba, na hapa kijana hakuwa mjinga. Mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Mwaka mmoja na nusu umepita, kila mtu anaishi kama zamani, na hakuna anayejua chake. Katika hali hiyo mwanamume yeyote anayemkaribia mama anaonekana anaikaribia nyumba. Niliwashauri waahirishe posa ya Fundi mpaka mirathi ipite. Bi. M. hakupenda, alisema anaonekana kama anaomba ruhusa kwa mlango wa nyuma. Alikubali kwa shingo upande.

Kikao cha ukoo kilimpendekeza shemeji kuwa msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikamteua, na hesabu ikapigwa kwa sheria ya Kiislamu kwa kuwa marehemu aliishi hivyo. Baada ya madeni, kilichobaki ni nyumba, waliyoithamini kwa shilingi milioni 80. Mke mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane: milioni 10. Wazazi wa marehemu hawakuwapo. Milioni 70 zilizobaki huenda kwa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike, kwa hiyo zikagawanywa mafungu matano ya milioni 14. Kila mtoto wa kiume milioni 28, binti 14. Shemeji na shangazi hawapati kitu, kwa sababu mtoto wa kiume yupo na anawazuia. Nasikia ukimya ulitanda sebuleni iliposomwa sehemu hiyo.

Kijana aliuliza swali zuri: mama akiolewa, thumni yake inakwenda kwa nani? Jibu ni kwamba inabaki yake. Haipotei kwa kuolewa, na ndoa yenyewe haimpi mume mpya umiliki wa mali ya mke. Lakini Bi. M. akifa akiwa ndani ya ndoa hiyo, mume atamrithi robo ya mali yake. Kwenye nyumba, robo ya milioni 10 ni milioni mbili na nusu. Niliwahimiza wasilifiche hili. Kijana aliandika namba hiyo kwenye simu yake, akaitazama. Alikuwa amekuja kuitetea milioni 80.

Baada ya hapo ndipo alipolia, akasema lile ambalo nyumba ilikuwa imelifunika: “Baba atasahaulika.” Mama yake akamjibu, “Baba, mimi nimemgeuza baba yako kila saa nne kwa miaka mitatu. Nitamsahau vipi?” Anamwita mwanawe baba, kama wanavyofanya mama wengi wa huku, na siku hiyo neno lile lilikuwa zito mara mbili.

Ndoa

Waliamua mambo machache. Picha ya marehemu itabaki ukutani pale pale. Bi. M. hatamleta mume katika nyumba ya warithi, atahamia yeye kwa Fundi, mwendo wa dakika kumi. Mtoto mdogo aliulizwa mwenyewe: akataka kulala kwa dada yake kwenye nyumba ya baba na kula kwa mama. Hakuna aliyebisha.

Bi. M. alidai pia wapime VVU wote wawili kabla ya nikaha, na hapo nilimsaidia kupata maneno. Hakusema “nipime nikuamini”. Alisema, “Mimi nakwenda kupima Jumatatu, twende pamoja.” Fundi alikwenda. Majibu yalikuwa salama, nao wakakubaliana kutumia kondomu mpaka warudie kipimo baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya huweza yasionekane mapema.

Nikaha ilifungwa miezi 22 baada ya msiba, nyumbani kwa kaka yake, alasiri, watu wasiozidi thelathini. Mahari aliyoitaja ni mota ya cherehani. Kijana mkubwa alikuja, akakaa karibu na mlango.

Nilipokosea

Wiki ya pili alinipigia simu akilia. Tendo lilikuwa na maumivu makali, kama kuchanwa. Mara ya tatu kulikuwa na damu. Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi kama alivyokumbuka kufundwa ujanani, na kondomu ilipasuka. Tafsiri yake ilikuwa tayari: marehemu amekataa.

Nilimpeleka kliniki kwa muuguzi mkunga mwenye uzoefu, na swali la kwanza la yule mama lilikuwa lile ambalo mimi katika miezi minane sikuwahi kuuliza. Mara ya mwisho kuona hedhi ni lini? Miezi kumi iliyopita. Joto la usiku, jasho, moyo kwenda mbio? Ndiyo, tangu hedhi zilipoanza kuruka. Mimi niliyasikia hayo yote siku ya kwanza nikayaandika huzuni. Huzuni ilikuwapo kweli, lakini mwili wake ulikuwa pia unaelekea kukoma hedhi. Homoni ya estrojeni inaposhuka, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, haivutiki kama zamani. Ongeza miaka mitano bila tendo la ndoa, na maumivu yale hayahitaji roho ya mtu kuyaeleza.

Mafuta ya nazi si haramu ukeni kwa aliyeyazoea, ila mafuta ya aina yoyote hudhoofisha mpira wa kondomu. Alipewa jeli ya maji badala yake, na daktari akamwandikia krimu ya estrojeni ya kutia ukeni. Aliambiwa atumie kwa wiki kadhaa ndipo ataona tofauti, asikate tamaa siku ya tatu. Damu haikupuuzwa: alikaguliwa shingo ya kizazi kwa kipimo cha siki, ambacho hajawahi kufanyiwa maishani, na ilikutwa salama. Tena akaambiwa jambo lililomshtua, kwamba bado anaweza kushika mimba. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 50 husubiriwa miaka miwili kamili bila hedhi kabla ya kuacha uzazi wa mpango. Kwa aliyevuka 50, mwaka mmoja.

Fundi aliingizwa chumbani mwishoni, kwa ridhaa ya mkewe. Mkunga alimwambia waache kwanza kuingiliana mpaka dawa ishike, na kwamba kulala kumbatio ni ndoa pia. Alijibu kifundi: “Mbao ikikauka haipigwi msumari, inaloweshwa kwanza.” Mkunga alicheka mpaka akavua miwani.

Matokeo

Ninaandika miezi tisa baada ya nikaha. Maumivu yaliisha kama wiki ya saba. Kipimo cha pili cha VVU kilikuwa salama. Usingizi umerudi, si kila siku. Joto bado humjia. Binti yake huenda kwao mara kwa mara. Kijana mkubwa hutuma salamu kwa “mzee”, hajamwita baba na hakuna aliyemwomba. Shangazi hajakanyaga kwao. Mtoto mdogo ndiye anayenipa mashaka: anakula kwa mama yake, lakini huchukua sahani akakae barazani Fundi anapokuwa mezani, na matokeo yake ya shule yameshuka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kutenganisha waulizwa, na kumwachia yeye achague mlango wa kwanza. Nimeona wajane wengi wakipelekwa moja kwa moja kwenye hukumu: inafaa, haifai. Bi. M. hukumu alikuwa nayo tangu madrasa. Alichokosa ni mtu mzima wa kike anayemheshimu ambaye angesikia neno hamu bila kugeuza uso. Somo huyo ameanza kusahaulika mijini, na sisi washauri wenye vyeti hatujaijaza nafasi yake vizuri.

Kutanguliza mirathi kulisaidia, lakini kulikuwa na bei yake. Miezi minne ya kusubiri ilimrudishia Bi. M. ile hisia ya kwamba mwili wake ni suala la ukoo. Kama mirathi ingefunguliwa mara tu baada ya eda, hesabu ingekwisha kabla Fundi hajaja kupima ukuta, na asingelazimika kuchagua. Sasa mjane yeyote anayekuja kwangu kwa jambo lolote namuuliza msimamizi ni nani na barua ya mahakama iko wapi.

Siri ilituangusha. Tulipanga kusubiri Idi kana kwamba mtaa nao utasubiri. Mwanamke mwenye duka, anayetembelewa na seremala yule yule mara tatu kwa wiki, hana wiki mbili za siri. Kijana angepigiwa simu na mama yake siku ile ile tulipokubaliana kwamba ataambiwa. Ana kwa ana ingefuata. Kauli ya “mimi ndiye walii” ilitoka kwa mtu aliyeumia kwa kuambiwa mwisho.

Mtoto mdogo tulimuuliza atalala wapi, akajibu, tukafurahi kwamba amejibu. Hatukumuuliza kingine. Nimeanza kuonana naye Jumatano, baada ya madrasa.

Na mwili niliuacha mpaka ulipovuja damu. Tulijenga ruhusa ya Mungu, ya watoto, ya sheria, na kwenye karatasi ile ya kikao cha tatu hakuna mahali nilipoandika mwili wenyewe, ingawa ndio uliokuwa ukipiga kelele kila saa nane za usiku. Fomu yangu ya kikao cha kwanza kwa mwanamke aliyevuka miaka 40 sasa ina mstari wa tarehe ya hedhi ya mwisho, na chini yake mwingine: amewahi kupimwa shingo ya kizazi, lini.